Kabla mgambo hawajafika, andikeni daftari lenu

Oktoba 2021, machinga wa Dar es Salaam walipotakiwa kuondoka barabarani, mabishano mengi yalikuwa ya kuhama au kutohama. Swali la daftari halikupewa uzito wake: nani kaandikwa, na kaandikwa na nani?

Afisa wa manispaa akija kuorodhesha, mara nyingi hupita mara moja tu, mchana. Mchoma mahindi anayefungua saa kumi na moja jioni hamkuti. Baadaye majina hewa yanaingia, mtu mmoja anapata vizimba vinne anavikodisha, na aliyekaa pale miaka minane anarudi kupanga bidhaa chini. Huyo ndiye mgambo watakayemkimbiza.

Kwa hiyo jiandikeni wenyewe, mapema. Gawanyeni mtaa vipande vya watu ishirini hivi, kila kipande na mjumbe wake. Piteni asubuhi, mchana na jioni. Andikeni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, simu, bidhaa, saa za kazi, na mahali hasa: "mbele ya duka la vitenge, kushoto kwa nguzo ya umeme". Mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri kila ukurasa. Nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata, na nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo, kesho mtaambiwa hakuna kilichofika.

Mkikaa na mkurugenzi, msimalize kikao mkimwomba afute agizo lililotoka juu yake. Ombeni yaliyo mikononi mwake: tarehe, idadi ya vizimba, namna ya kugawa. Tuseme daftari lina watu 140 na vizimba ni 90. Daini kura ya hadharani, majina yakisomwa kutoka kwenye daftari lenu. Wa jioni wapokezane kizimba na wa asubuhi, na kizimba kitakachokaa siku 30 bila mtu kiende kwa anayefuata.

Eneo nalo lipimwe. Machinga Complex pale Karume ni jengo la ghorofa, na mteja wa machinga ni mpita njia. Hapandi ngazi kufuata soksi za shilingi elfu moja. Kabla ya kukubali, watu wawili wakae kwenye lango la eneo jipya, wengine wawili mtaani kwenu, wahesabu wapitao kwa saa ileile. Mkikuta huku 400 na kule 60, dai la kituo cha daladala langoni lina namba za kulisimamia.

Kikaoni waende watano, kamwe asiende mmoja. Muhtasari usainiwe kabla hamjatoka chumbani. Na wekeni sharti hili mapema, kwa maandishi: viongozi wapewe vizimba mwisho. Kiongozi akishaahidiwa kile cha mlangoni, wenzake 139 wanakuwa wamebaki bila msemaji, na watakuja kulijua siku ya kuhama.