Wastani wa 60 na lengo la 65: mtawanyiko una neno la kusema

"Mwanangu yuko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Moshi. Majaribio sita ya Hisabati amepata 58, 71, 49, 66, 62 na 54. Mwalimu wa taaluma anasema wastani ni 60, kwa hiyo B ya 65 kwenye mtihani wa utamilifu asahau. Ni kweli?"

Mwalimu hajakosea hesabu ya wastani. Ila wastani unaeleza katikati tu, na mama hakuuliza habari ya katikati. Ameuliza uwezekano wa kuvuka mstari ulio juu yake kwa alama 5, na hilo haliwezi kujibiwa bila kujua alama za mtoto huwa zinacheza kwa upana gani.

Upana huo unapatikana hivi. Toa 60 katika kila alama, tofauti zote uzizidishe kwa zenyewe, kisha ujumlishe: 4, 121, 121, 36, 4 na 36 ni 322. Gawa kwa 5 (idadi ya majaribio ukitoa moja), utapata 64.4, na kipeuo chake cha pili ni kama 8; huo ndio mtawanyiko wake. Kwa hiyo alama 5 zinazopungua hazifiki hata mruko wa kawaida wa mtoto huyu. Kwa kuwa majaribio ni sita tu, hata ile 60 yenyewe ni makadirio, hivyo 8 inapanuliwa kidogo. Kwenye Excel, alama zikiwa A1 hadi A6, andika:

```
=T.DIST.RT((65-AVERAGE(A1:A6))/(STDEV.S(A1:A6)*SQRT(1+1/6)),5)
```

Jibu ni takribani 0.29. Kati ya wanafunzi kumi wenye rekodi kama hii, watatu hivi wangefika. Kumwambia asahau si haki.

Sasa mweke kando yake mwenzake aliyepata 59, 61, 60, 62, 58 na 60. Wastani ni uleule 60, lakini mtawanyiko wake ni 1.4 tu, na fomula ileile inampa nafasi ya asilimia 1 hivi. Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa sababu tumezoea kumsifu mtoto asiyeyumba na kumlaumu anayepanda na kushuka. Lengo likiwa juu ya wastani, kuyumba ndiko kunakompa mtoto nafasi. Lengo likiwa chini ya wastani, mambo yanageuka: huyu anayeyumba ana takribani asilimia 7 ya kuanguka chini ya 45 na kukosa hata C, hali mwenzake hana hatari hiyo kwa kiasi cha kutajika. Mzazi akipewa ile 29 bila hii 7, amepewa nusu ya habari.

Wanaopinga hesabu hii wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni uchache wa majaribio. Kwa alama sita, ile 8 haijasimama imara: mtawanyiko halisi waweza kuwa 5, waweza pia kukaribia 20. Ukiacha 60 palepale, nafasi ya kufika 65 ni asilimia 16 kwa mtawanyiko wa 5, na asilimia 40 kwa mtawanyiko wa 20. Kwa hiyo 29 isisomwe kama kipimo cha mizani ya dukani. Hata hivyo, ukingo wa chini kabisa hapo, ile 16, bado hauruhusu neno "asahau".

Hoja ya pili ni mpangilio, na hiyo naiogopa zaidi. Chukua alama zilezile zije kwa mfuatano huu: 49, 54, 58, 62, 66, 71. Wastani haubadiliki, mtawanyiko haubadiliki, na Excel itasema 0.29 bila kusita. Lakini huyo hayumbi, anapanda alama 4 na kitu kila jaribio, na akiendelea hivyo jaribio lijalo liko karibu na 75. Fomula haioni tarehe. Kwa hiyo kabla ya kuigusa, ziandike alama kwa mfuatano wa miezi na uangalie hatua kati ya moja na inayofuata. Za mtoto wa Moshi ni +13, −22, +17, −4, −8: hakuna mwelekeo, na hesabu inafaa kutumika.

Linalobaki kwa mama ni kumuuliza mwalimu wa somo kuhusu ile 49: darasa zima lilishuka siku hiyo, au yeye peke yake? Kama ni darasa zima, karatasi ndiyo ilikuwa ngumu. Hapo ni bora alama zote sita zigeuzwe kuwa tofauti na wastani wa darasa kwa kila jaribio, lengo nalo lipimwe hivyohivyo, ndipo mtawanyiko uhesabiwe upya.