Kitunguu saumu ndani ya mafuta: hofu ya kweli au kelele?

"Bibi aliweka achari ya embe kwenye mafuta mwaka mzima, juu ya kabati, na hakuna aliyeumwa. Kwa nini kitunguu saumu kiwe na shida?"

Kwa sababu embe bichi ni chachu, na achari ina chumvi nyingi. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomlinda bibi. Mafuta yalifunika tu. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, hushindwa kukua pH, yaani kipimo cha uchachu kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa 4.6 au chini yake, na achari iliyotengenezwa vizuri huwa huko. Kitunguu saumu kibichi huwa juu ya 5, sawa na majani mabichi kama rihani. Vyote hutoka shambani vikiwa na udongo, na udongo ndio makazi ya vijimbegu vya bakteria huyo, yaani hali yake ya kulala isiyokufa kirahisi.

Vijimbegu hivyo haviamki penye hewa. Tatizo ni kwamba mafuta huzuia hewa, na ndani ya kipande cha kitunguu mna maji ya kutosha. Chupa inayokaa karibu na jiko kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa inampa bakteria kila anachohitaji. Kukaanga kidogo hakusaidii: mafuta yakiwa moto kiasi gani, kipande ambacho bado kina maji hakipiti sana nyuzi 100 ndani yake, na vijimbegu hustahimili joto hilo. Ili kuviua, viwanda hutumia mvuke wa presha wa nyuzi 121.

Wanaosema hofu imezidi wana hoja, na si ya kupuuzwa. Watu wengi hufanya hivi miaka nenda rudi bila kudhurika, kwa kuwa si kila chupa huwa na vijimbegu, na si kila kijimbegu huamka. Tena sumu yenyewe, tofauti na vijimbegu, huharibika kwa kuchemshwa dakika kumi. Anayetia mchanganyiko wake kwenye mchuzi unaotokota nusu saa yuko mbali na hatari kuliko anayeupaka kwenye mkate au kuumwagia kachumbari. Ila mpishi huonja. Kiasi cha kuonja kinaweza kutosha kumlaza mtu hospitalini, na chupa yenye sumu inaweza isionyeshe povu, harufu wala rangi tofauti.

Hoja ya kwamba kitunguu saumu chenyewe ni dawa inayoua vijidudu naiona dhaifu zaidi. Mwaka 1985, mgahawa mmoja wa Vancouver, Kanada, ulikuwa na chupa za kitunguu saumu kilichokatwakatwa ndani ya mafuta ya soya. Zilitakiwa kukaa kwenye friji, lakini zikawekwa nje. Kitunguu hicho kilitiwa kwenye siagi ya kupaka mikate ya nyama. Walioumwa walikuwa 36, na kwa wiki kadhaa madaktari waliwapa majina mengine ya ugonjwa: kiharusi, hata matatizo ya akili. Fumbo lilifumbuka baada ya mama na binti zake wawili kugundulika na botulizimu Montreal, mbali na mgahawa wenyewe. Mwaka 1989 wengine watatu waliugua jimboni New York kwa bidhaa ya aina hiyo hiyo, na ndipo Marekani ikataka bidhaa hizi zitiwe asidi au kizuia vijidudu, isitegemewe friji peke yake.

Kwa hiyo naegemea upande wa tahadhari, lakini si kwa kukataza. Ukitaka ikae nje, kitie uchachu kitunguu kabla hakijaingia kwenye mafuta. Katakata gramu 100 vipande visivyozidi nusu sentimita, koroga gramu 9 za asidi ya sitriki katika mililita 300 za maji, loweka saa 24, chuja, kisha tia kwenye kilo moja ya mafuta. Kukamulia ndimu juu ya mafuta si sawa na hilo, maana maji ya ndimu huzama chini bila kupenya vipande.

Bila asidi, friji ya nyuzi 4 inakupa siku nne, na umeme ukikatika mara kwa mara usihesabu hata hizo. Mimi ningesaga na kugandisha kwenye vibati vya barafu. Kitunguu na majani yaliyokaushwa kabisa hayana maji ya kumlea bakteria, hivyo hayo hayana tatizo hili.

Chupa isiyojulikana umri itupwe bila kuonjwa. Na kama mtu ameshakula, kisha kati ya saa 12 na siku chache baadaye kope zikalegea, akaona vitu viwili viwili na kumeza kukawa shida, bila homa na akili yake ikiwa timamu, awahishwe hospitali na chupa hiyo itajwe kwa daktari. Dawa ya kupambana na sumu huzuia ulegevu usiendelee, lakini hairudishi nguvu zilizokwisha kupotea, na anayecheleweshwa anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia kwa wiki nyingi.