Klorheksidini: nusu chupa inayobaki ndiyo inayoleta madoa

Mtu aliyetolewa gego la mwisho kwa kupasuliwa fizi mara nyingi hurudi nyumbani na chupa ya dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ya asilimia 0.2. Kwenye karatasi ya dawa pameandikwa mililita 10, asubuhi na usiku. Lini aache, mara nyingi hapaandikwi. Hapo ndipo ninapoona tatizo linapoanzia, kwa sababu hesabu ya chupa na hesabu ya kidonda hazilingani.

Tuseme jino limetoka Jumatatu. Siku hiyo hasukutui kitu chochote, maana damu iliyoganda ndani ya shimo ndiyo kifuniko cha kidonda, na kusukutua kunaweza kuing'oa. Anaanza Jumanne, mililita 10 mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Atakuwa ametumia mililita 140. Chupa ikiwa ya mililita 300, zaidi ya nusu bado ipo kabatini. Dawa imenunuliwa, mdomo unahisi safi, nani ataimwaga? Basi anaendelea, na wiki ya tatu anajitazama kwenye kioo na kuona mstari wa kahawia pale jino linapokutana na fizi.

Mstari ule hautokani na uchafu wa dawa wala na chupa iliyoharibika. Unatokana na sifa ileile inayoifanya klorheksidini iwe dawa nzuri. Molekuli yake ina chaji chanya, na karibu kila kitu mdomoni kina chaji hasi: kuta za bakteria, ngozi laini ya ndani ya shavu, na utando mwembamba wa mate unaofunika jino. Kwa hiyo dawa haitoki yote ukishatema. Inang'ang'ania hapo na kujiachia kidogo kidogo kwa saa nyingi, hata kufikia 12. Ndiyo maana mara mbili kwa siku zinatosha, wakati dawa nyingine za kusukutua huisha nguvu mapema zaidi.

Lakini ikishajishika kwenye jino, upande mmoja wake unabaki huru kushika kitu kingine. Rangi za chai ya rangi, kahawa na divai nyekundu zina chaji hasi. Zikipita, zinanaswa na kuganda juu ya jino kama rangi ya kahawia au ya manjano iliyokolea. Kwa mnywaji mkubwa wa chai, doa linaweza kuonekana hata kabla ya wiki mbili kwisha. Mwingine anatumia dawa ileile kwa muda uleule asipate kitu, kwa kuwa hanywi vitu hivyo. Wataalamu wametaja njia nyingine za kemia pia, ila hii ya rangi za vinywaji ndiyo yenye ushahidi wa nguvu zaidi, na ndiyo unayoweza kuifanyia jambo.

Cha kufanya ni kupanga saa. Piga mswaki ukiamka, kunywa chai yako, suuza mdomo kwa maji, kisha dawa ije baadaye, angalau nusu saa baada ya mswaki. Nusu saa hiyo ina sababu yake. Dawa nyingi za meno zina sabuni ya kutoa povu yenye chaji hasi, na ikikutana na klorheksidini hufungana nayo na kuizima. Anayepiga mswaki na kusukutua papo hapo analipia dawa ambayo haifanyi kazi. Baada ya kusukutua kwa dakika moja, tema, usimeze, na usisuuze kwa maji. Maji huiondoa dawa na kuuzidisha uchungu wake mdomoni. Kaa nusu saa au zaidi bila kula wala kunywa, na chai ya pili isogeze mbali kadiri unavyoweza, au isubiri mpaka wiki ya dawa iishe. Ya usiku ndiyo rahisi: chakula, mswaki, nusu saa ya kusubiri, dawa, kitanda. Mate hupungua usingizini na hakuna chai inayokuja. Ila tusidanganyane: dawa inayokaa jinoni saa nyingi itakutana na chai tu siku fulani. Kupanga saa kunapunguza doa, hakulizuii kabisa.

Sasa, kwa nini isitumike miezi, kisha doa likasuguliwa baadaye? Wengine husema hivyo, na kwa watu wachache jibu ni kwamba inafaa: mtu aliyefungwa taya kwa waya baada ya kuvunjika, au mgonjwa asiyeweza kushika mswaki. Hao hupewa kwa muda mrefu, na daktari wao huwafuatilia. Kwa wengine wote, dawa hii inashika zamu ya mswaki pale mswaki usipoweza kufika. Kidonda kikifunga, zamu imekwisha.

Mwaka 1970, Harald Löe na Rolf Schiøtt, wakiwa Denmark, walionyesha kwamba vijana walioacha kabisa kupiga mswaki hawakuota ukoga walipokuwa wakisukutua mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku. Matokeo hayo hunukuliwa sana, lakini watu husahau kwamba meno yalikuwa yamesafishwa kwanza. Dawa huzuia ukoga mpya kwenye jino safi. Ukoga mnene uliokwisha kujijenga haiupenyi vizuri, na chini ya fizi, ndani ya mifuko ambayo ugonjwa huichimba kati ya fizi na jino, haifiki kwa kusukutua. Kwa hiyo mwenye fizi zinazotoka damu akinunua chupa baada ya chupa anatuliza tu juu juu, huku ukoga mgumu ukibaki chini. Tena matumizi marefu huongeza huo ukoga mgumu juu ya fizi, huvuruga ladha, hasa ya chumvi, na baadhi ya watu huchubuka ndani ya mashavu. Ladha hurudi ukiacha. Midomo au uso ukivimba, au pumzi ikibana, hilo ni jambo jingine: acha dawa na nenda hospitali mara moja, kwani mzio mkali hutokea, ingawa ni nadra.

Doa lenyewe liko juu ya jino, halijaingia ndani. Mswaki wa kawaida hauliondoi vizuri, na hapo watu hukimbilia mkaa, chumvi au magadi. Visiguse kabisa sehemu ambayo fizi imeshuka na mzizi uko wazi, kwa kuwa mzizi ni laini kuliko jino la juu na hulika haraka. Daktari wa meno huliondoa kwa kusafisha na kung'arisha kwa kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka na dawa ya kusugulia. Ulimi uliobadilika rangi hurudi wenyewe baada ya kuacha.

Pagumu ni kwenye jino lililozibwa kwa dawa nyeupe. Ukingo wa kuziba ukiwa na upenyo, rangi huingia humo na kung'arisha hakufiki. Mtu huona mstari mweusi akadhani jino limeoza tena. Daktari ataupapasa ukingo kwa kifaa chembamba na pengine kupiga picha kabla ya kuamua kama ni doa tu. Likiwa doa tu na liko jino la mbele, kinachobaki ni kuchonga ukingo kidogo au kuziba upya, na gharama yake inazidi sana bei ya chupa ile.