Mwenza ana sonona na hospitali hataki: kumfunika hadi lini?

"Mume wangu ana sonona, hospitali hataki hata kuisikia. Nikimwacha nitaonekana mkatili, nikiendelea hivi nami nitaumwa. Nifanyeje?"

Wazee watakwambia uvumilie, mke ni sitara ya mumewe. Wengine watasema mtu mzima akikataa tiba amejichagulia. Kila upande umeona nusu tu.

Tuchukulie nyumba moja ya Kibirizi, Kigoma. Mume ana mtumbwi wa dagaa na mwezi mzima hajaenda ziwani. Saa tisa usiku yuko macho, ugali anaumega mara mbili anasukuma sahani, anasema hana faida kwa mtu. Mke anawaambia wavuvi kuwa mzee ana malaria, anakopa kulipa deni la nyavu, na kumwambia mama mkwe kuwa mambo shwari.

Kumpikia na kukaa naye kunamshikilia mtu. Uongo wa malaria na ule mkopo vinaushikilia ugonjwa, maana mume haoni kinachoharibika. Hapo nawaunga mkono wanaosema basi. Amwambie kwa upole: "Baba Asha, kuanzia leo sitasema una malaria. Nitasema hujisikii vizuri, mengine utawaeleza mwenyewe." Na mkopo mwingine asichukue.

Ila wazee nao wana haki katika hili: kukataa kwenyewe mara nyingi ni dalili. Sonona humwaminisha mtu kwamba hakuna kitakachomsaidia, na ukimtishia "nenda au naondoka" unamwongezea hatia aliyokwisha kujibebesha. Tena wengi wanaogopa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, wakati tiba kwa kawaida huanza kwa mazungumzo na mtaalamu, pengine na vidonge ambavyo huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, na mgonjwa analala kwake. Kwa hiyo aanzie kwenye kinachomsumbua mume mwenyewe: "Twende hospitali ya Maweni wakuangalie huu usingizi." Si hila, kukosa usingizi ni sehemu ya ugonjwa.

Akianza kusema heri afe, amuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikiri, siri imeisha. Asiachwe peke yake, sumu na kamba ziondolewe, kaka yake aitwe, waende hospitali siku hiyohiyo, atake asitake.

Na mke? Amwambie mtu mmoja ukweli, dada yake kwa mfano, ambaye atakaa na mume jioni mbili kwa wiki ili yeye apumzike. Hela ya dagaa anaoanika aitenge. Naye akipitisha wiki mbili hapati usingizi, analia ovyo, hana hamu na chochote, aende kliniki kwa ajili yake mwenyewe bila kumsubiri mume. Akipigwa, aondoke kwanza. Sonona haimpi mtu ruhusa ya kupiga, na chakula anaweza kukituma kutoka kwa dada yake.