Dozi kubwa haimshindi bakteria anayevunja dawa

“Bakteria wa mkojo wakiizoea seftriaksoni, dozi iongezwe.” Inategemea wamejikinga kwa njia gani. Mwenye pampu huitema dawa nje ya seli, na pampu peke yake kwa kawaida huongeza usugu kidogo tu. Aliyebadili shabaha, kama ilivyo mara nyingi kwa siprofloksasini, huiacha dawa iingie lakini ikakosa pa kushika. Seftriaksoni kwa kawaida hushindwa kwa njia ya tatu: kimeng'enya huipasua pete ya beta-laktamu, na kimoja hicho hicho huendelea kupasua molekuli baada ya molekuli, hivyo dozi kubwa inakilisha tu. Maabara hulithibitisha hilo kwa diski mbili: sefotaksimu mikrogramu 30, na nyingine kama hiyo yenye klavulaniki mikrogramu 10, ambayo hukizuia kimeng'enya. Baada ya saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35, kipenyo cha duara lisiloota bakteria kuzunguka diski ya pili kikizidi cha ile ya kwanza kwa milimita 5 au zaidi, mvunjaji ni huyo. Jozi ya seftazidimu nayo iwekwe, maana wengine huonekana huko tu. Wenzangu wa maabara za Mwanza, diski za klavulaniki mnazipata kwa uhakika?