Nionyeshe Kodi Yako

Jana jamaa kaniomba namba. Nikakohoa kidogo, nikaanza kuitaja kwa sauti ya mtu mzima: "Sifuri..." Akanikata kalima. "Mzee, siku hizi hatutaji. Nionyeshe kodi yako." Kodi! Nikamwambia ya nyumba nimelipa, mengine aongee na mwenye nyumba.

Kumbe anataka QR, kile kiraka cha madoadoa. Haya. Nikafungua WhatsApp, nikaingia kwenye mipangilio, nikagusa kialama kilicho karibu na jina langu, kiraka hiki hapa. Naye kafungua chake. Tukaelekezeana simu dakika nzima kama majogoo yanayotaka kupigana. Kimya. Kumbe wote tunaonyesha, hakuna anayesoma! Lazima mmoja ahamie upande wa kamera.

Akahamia. Kimya. Nikakumbuka mwanga wa kioo niliupunguza kubana chaji, nikaupandisha. Kimya. Akasogea mpaka simu zikakaribia kubusiana, kamera ikaona ukungu mtupu. Akarudi nyuma. Ndipo nikaona kidole gumba changu kimekalia pembe moja ya kiraka. Kwenye pembe tatu kuna visanduku vikubwa, na kamera huvitafuta hivyo kwanza ijue kiraka kimekaaje. Doa dogo katikati inaweza kulivumilia, lakini ukifunika kisanduku umeizibia mlango.

Nikaondoa kidole. Bado! Nikachungulia simu yake: bwana mkubwa kafungua kamera ya kuunganisha vifaa, ile ya kuingiza akaunti kwenye kompyuta. Hiyo kiraka cha mtu haikitambui hata ukikipigia magoti. Na mtu akikwambia uskani chake kupitia hapo, kimbia, maana utakuwa umemfungulia meseji zako azisome kwenye mashine yake.

Watu nyuma yetu wameshaanza kuguna.

"Basi nitumie linki," akasema.

"Niitume wapi?"

"Si kwenye namba yangu."

Nikamtazama. Jamani, namba yako ningekuwa nayo tungekuwa tumesimama hapa tunatafuta nini?

Akanipokonya simu, aandike mwenyewe kwenye kivinjari. Akaandika `https://wa.me/` na namba yake, kaanzia na ile sifuri ya mwanzo. Ikagoma. Linki hiyo inataka namba ya nchi kwanza, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi katikati. Akafuta, akaandika upya tarakimu moja moja, anazitamka kwa sauti.

Anazitamka! Namba nzima, mbele yangu, baada ya dakika kumi na tano!

Nimemsevu "Jamaa wa Kodi". Jina lake sikuuliza, na wala hatakuwa peke yake humo ndani: nina Fundi, Fundi Mpya, Fundi Usipokee, na mmoja anaitwa "Huyu Ndiye", ambaye mpaka leo sijui ni nani, na kila nikimpigia ananiuliza mimi ni nani.