Neno Lile Lile, Uzito Mwingine

"Megh, nadi, dhan, gagan: maneno haya yako kwenye Kibengali na yako kwenye Kihindi. Kwa nini basi anayemfasiri Tagore, mshairi wa Kibengali, kwa Kihindi ayatupe na kutafuta mengine? Si kuharibu shairi huko?"

Wanaouliza hivi wana hoja, tena ya haki. Lugha hizi mbili zimechota kisima kimoja cha Kisanskrit. Megh ni wingu kwa wote, nadi ni mto, dhan ni mpunga. Neno la pamoja huja na kumbukumbu zake: ukitaja Shravan, mwezi wa mvua kubwa, Mbengali na msemaji wa Kihindi wote husikia nyimbo za aliyeachwa akingoja. Mfasiri anayelibadili neno kama hilo bila sababu anastahili lawama.

Lakini sababu mara nyingi ipo, na haionekani kwa jicho. Inasikika. Nichukue shairi moja tu, "Shonar Tori", yaani Mashua ya Dhahabu, alilolitunga Rabindranath Tagore mwaka 1892 akiwa botini huko Shilaidaha, kando ya mto Padma. Mkulima yuko peke yake ukingoni. Mpunga umevunwa, mto umefura, mvua inakaribia. Mashua inatokea, anapakia mavuno yake yote, kisha anaomba naye apandishwe, anaambiwa hakuna nafasi. Beti la kwanza linafunguka hivi, nikiliandika kama linavyotamkwa:

gogone goroje megh, ghono borosha
kule eka boshe achhi, nahi bhorosha

Angani mawingu yananguruma, masika mazito. Ukingoni nimekaa peke yangu, sina tegemeo. Msomaji aliyezoea mashairi ya Kiswahili anaweza kuhesabu mwenyewe. Kipande cha kwanza kina mizani 8, cha pili 5. Kanuni ya pekee anayohitaji kuijua ni kwamba silabi inayofungwa na konsonanti, kama megh, huhesabiwa 2. Mstari wa pili nao ni 8 kwa 5. Kisha vinakuja vipande vitatu vya 8 vyenye kina kimoja, kimoja baada ya kingine, na baada yake kipande kifupi cha 5 kinachoanguka kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho. Beti hufungwa na 8 kwa 5 tena. Vile vipande vitatu vya haraka ndivyo vinavyobeba picha: mpunga lundo kwa lundo, mavuno yamekwisha, mto umejaa na makali yake ni ya wembe. Mto unasikika ukienda kasi kabla hujaambiwa kwamba unaenda kasi.

Sasa waandikie wasemaji wa Kihindi mistari hiyo hiyo, herufi kwa herufi, na uipime kwa vipimo vyao vya kawaida. Katika Kihindi irabu fupi ina uzito wa 1 na ndefu uzito wa 2, na si wa kitabuni tu, ulimi kweli hukaa muda mrefu zaidi juu ya irabu ndefu. Kibengali kilishapoteza tofauti hiyo mdomoni, ingawa bado kinaiandika. Matokeo yake ni haya: kipande cha mawingu yanayonguruma, kilichokuwa 8, kinakuwa 11. Kipande cha mtu aliyekaa ukingoni, kilichokuwa 8 vilevile, kinakuwa 14. Vile vitatu vya mto vinakuwa 14, 13 na 12.

Hizo hesabu nimezirudia mara nyingi kuliko ninavyohitaji, kwa sababu ndizo zinazomtetea mfasiri. Vipande vitano vilivyokuwa sawasawa kama makasia ya mashua moja sasa havilingani tena. Hakuna neno lililobadilishwa. Hakuna picha iliyoguswa. Na bado mashua haiendi. Msomaji wa Kihindi atasema shairi ni zuri ila lina "ulegevu" fulani, na lawama itamwendea Tagore au mfasiri, wakati kosa ni la uaminifu wa macho.

Maana nayo haiko salama. Niliwahi kumsomea bibi mmoja msemaji wa Kihindi ule mstari wa kwanza kwa matamshi ya kwao, bila kumweleza chochote. Alitikisa kichwa kwa kuridhika: "Wingu limenyesha." Kwenye ushairi wa Kihindi ghan ni wingu lenyewe, na barsa ni kitenzi, limenyesha. Kwenye Kibengali ghono ni zito, na borosha ni majira ya mvua. Tofauti hii inavunja picha yote. Shairi linaanza kabla ya dhoruba, na hofu ya mkulima iko kwenye mvua inayokuja. Kwa masikio ya bibi yule mvua ilikuwa imeshanyesha, mambo yamekwisha.

Hata ule wembe wa mto unakuwa butu. Kibengali huandika kshura lakini hutamka khuro, kwa hiyo maneno mawili yanayoeleza makali ya maji huanza kwa sauti moja: khurodhara, khoroporosha. Kwa Kihindi la kwanza hutamkwa ksh na la pili kh, na mlio wa chuma kukwaruzana unakatika katikati. Tori, mashua yenyewe, kwa Kihindi ni tari, neno la vitabuni. Jikoni tari ni mchuzi. Mtu wa kawaida anayevuka mto hupanda nav.

Upande wa pili husema: basi acha vipimo, andika ushairi huru, picha zibaki safi. Njia hiyo ina heshima yake, na Kihindi kina ushairi huru mzuri sana. Kwa shairi hili ninaikataa kwa sababu moja tu: picha ya mto imo ndani ya vile vipande vitatu. Ukiviondoa unabaki na taarifa kwamba mto ulikuwa na kasi.

Aliyenionyesha mlango ni Nirala, mmoja wa wale waliouleta ushairi huru katika Kihindi, ambaye alikulia Mahishadal, Bengal, na Kibengali kikiwa masikioni tangu utoto. Alidai kwamba ushairi wake huru una mzizi kwenye kavit, utungo wa kale wa Kihindi. Na kavit haipimi urefu wa irabu. Inahesabu herufi za silabi tu, fupi na ndefu sawa, na konsonanti iliyoandikwa kamili hupewa nafasi yake hata kama ulimi unaimeza. Aina yake mashuhuri, manharan ghanakshari, ina silabi 31 kwa mstari, nazo hugawanywa 8, 8, 8, 7. Yaani sikio la Kihindi limekuwa likijua kwa karne nyingi mwendo wa nane tatu kisha kuanguka. Tagore anaanguka kwenye 5 badala ya 7, lakini mwendo ni ndugu.

Nilijaribu mwenyewe kwa hesabu ya kavit, nikivunja maneno ya pamoja pale tu yaliponizuia:

garaj rahe hain megh, ghiri barkha
kul par ekaki main, man darka

Mawingu yananguruma, masika yametanda. Ukingoni mpweke mimi, moyo umepasuka. Ni 8 kwa 5, mara mbili, na vina vimekaribiana. Barkha ni neno la nyimbo za vijijini kwa majira ya mvua, na halimpi mtu nafasi ya kusikia kwamba mvua imekwisha kunyesha. Gagan, anga, nimeipoteza. Kukaa nako kumepotea. Na lipo doa ninaloliona kila nikisoma: darka ni mpasuko wa kioo au wa ardhi iliyokauka, nami nimeuweka kwenye shairi lililolowa maji. Anayetetea maneno ya pamoja ana haki ya kunisuta hapo.

Kwenye beti la tatu kuna mtego mwingine, wa sarufi. Mtu anakuja kwa mashua huku akiimba, na mkulima anahisi kama anamfahamu. Kibengali, kama Kiswahili, hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke: ke ashe, nani anakuja. Wasomaji wamebishana sana kuhusu nani yumo mashuani, na ubishi huo unaishi kwa sababu kitenzi kimenyamaza. Kihindi cha kawaida hakinyamazi. Ama kaun ata hai, mwanamume, ama kaun ati hai, mwanamke. Nimeona wanaochagua jinsia wakidhani wanafasiri tu, kumbe wamekwisha kujibu swali ambalo shairi linaliuliza. Njia ya kupita ipo, nayo inatoka tena kwenye nyimbo: kaun aye, umbo la kitenzi lisilotaja jinsia. Gate-gate nav khete, kaun aye re: akiimba, akipiga kasia, nani huyo ajaye. Nane kwa tano. Ufuko anaoujia umeachwa nje, na re ya nyimbo imeshika mahali pake.

Kisha beti la mwisho, na hapa lugha zenyewe zilinionea huruma. Kibengali kinasema thai nai, thai nai, chhoto she tori: hakuna nafasi, hakuna nafasi, mashua ile ni ndogo. Kihindi cha kijijini kina thanv, ndugu wa thai, mahali pa mtu kukaa:

thanv nahin, thanv nahin, nav chhoti si

Hesabu ni ileile, 8 kwa 5. Mwangwi wa thai na nai umehama, sasa uko kati ya thanv na nav, nafasi na mashua, na si ya mwishoni inaongeza ule udogo wa kuhurumiwa. Tori imekwenda, nav imekuja, na nadhani hata mtetezi mkali wa maneno ya pamoja hatairudisha.

Mstari unaofuata bado umenikwamisha. Mashua imejaa mpunga wangu mwenyewe wa dhahabu. Kibengali hufunga "kwa mpunga" ndani ya neno moja, dhane. Kihindi lazima kiseme dhan se, maneno mawili. Mere hi sone ke dhan inatimia 8 barabara, na hapo ndipo pumzi inapokatika, kwa hiyo ile se inaangukia upande wa pili wa kituo, imetengwa na mpunga wake. Nimeisogeza kila upande. Nikitoa hi, ule uchungu wa "wangu mwenyewe" unatoka nayo. Nikitoa sone, dhahabu haipo mashuani.